Daftari Ambalo Hakuna Aliyelifungua
Hotuba ya dada mkuu mstarini, na somo lake kwa nyumba zetu

Ilikuwa saa 1:30 asubuhi, siku ya Jumatatu, mwezi wa Machi 2025, katika shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kusimama mstarini kidato kwa kidato, wimbo wa taifa umeimbwa, na mwalimu wa zamu amemaliza matangazo ya usafi. Ndipo alipoitwa dada mkuu, binti wa kidato cha tano, Mwislamu, aliyekuwa amefunga kama walivyofunga wengi wa wenziwe. Alipanda jukwaani akiwa na karatasi mbili zilizochanwa kutoka katika daftari la mazoezi.

Sisi tulikuwapo kwa sababu mzazi mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, alitupigia simu Ijumaa jioni akiwa na fadhaa. Aliambiwa kuwa shuleni kwa mwanawe msahafu umechanwa. Tulikwenda ili tujue kilichotokea, na tukakuta jambo tofauti na tuliloambiwa. Mkuu wa shule alituruhusu kusikiliza na kuandika kwa sharti moja: shule isitajwe jina, wala mwanafunzi yeyote asitajwe. Wazazi wa binti huyo nao waliridhia tutumie maneno yake. Sharti hilo tumelishika, kwani miongoni mwa wanaohusika yumo mtoto wa miaka 15 ambaye hakutenda kosa lolote, na ambaye tayari jina lake limekwisha kutajwa na watu wengi kuliko ilivyostahili.

Kilichotokea bwenini

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikutana. Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na katika miaka hii imeingia ndani ya majuma ambayo wenzetu Wakristo nao hufunga kabla ya Pasaka. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 ya mwezi huohuo. Katika bweni moja la wavulana, basi, walikuwamo vijana waliofunga kwa namna mbili, na vijana wa umri huo wakiwa na njaa hawakosi la kubishania.

Siku ya Jumanne jioni walibishana wavulana wa kidato cha pili. Mmoja, Mwislamu, alisema kwamba mtu asiyekuwa na udhu akiugusa msahafu hupatwa na kichaa. Mwenziwe Mkristo alicheka, akasema kuwa yeye ataugusa na hakuna litakalompata. Wakubwa wakawatenganisha, kila mmoja akarudi kitandani kwake, na ugomvi ukaonekana umekwisha.

Alfajiri ya Ijumaa, baada ya daku, mwenye msahafu aliukuta sakafuni, chini ya dirisha, umelowa. Usiku huo mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Yeye mwenyewe alilia, na ni haki yake kulia, kwani ule ulikuwa msahafu wa marehemu babu yake. Kuanzia hapo habari ilianza safari. Aliyeuona wa kwanza alisema umelowa. Wa pili akasema umemwagiwa maji. Wa tatu akauliza ni nani aliyeumwagia, na wa nne akakumbuka mabishano ya Jumanne, akalitaja jina. Mpaka mapumziko ya saa 4, ilikuwa imethibiti midomoni mwa watu kwamba mvulana yule Mkristo ametimiza ahadi yake. Baada ya sala ya Ijumaa msikiti wa jirani ulikuwa na habari kwamba msahafu umechanwa. Alasiri vijana kadhaa wa mtaani walifika langoni wakitaka waonyeshwe mtoto huyo.

Mlinzi alifunga lango. Mwalimu wa nidhamu akatoka kuzungumza nao, naye imamu wa msikiti, tunamshukuru kwa hekima yake, akaja kwa miguu kuwasihi warudi nyumbani hadi shule itakapotoa jibu. Wakarudi. Lakini ndani ya shule, Waislamu na Wakristo walikula futari na chakula cha jioni katika bwalo moja wakiwa wamekaa pande mbili, jambo ambalo halikuwahi kuonekana hapo kabla.

Jioni hiyo dada mkuu na kaka mkuu, ambaye ni Mkristo, waliketi na orodha. Hawakuanza kwa kuuliza nani ametenda. Walimwuliza kila aliyekuwa akiisimulia habari swali moja tu: umeisikia kwa nani? Wakarudi nyuma mdomo kwa mdomo, jina kwa jina, mpaka wakafika kwa mtu wa kwanza, ambaye hakuwa ameona chochote zaidi ya kitabu kilicholowa chini ya dirisha lililo wazi. Kisha wakaenda kwa matroni wakaomba daftari la chumba cha wagonjwa. Mle ndani iliandikwa kwamba mvulana anayetuhumiwa alipokelewa Jumatano saa 9 alasiri akiwa na malaria, na hadi Ijumaa hiyo jioni alikuwa bado amelala humo, katika jengo jingine, nje ya bweni.

Mwenye msahafu alipoulizwa kwa upole na kaka yake wa bweni, alikumbuka. Alhamisi usiku, baada ya tarawehe, alisoma juzuu moja karibu na dirisha kwa kuwa taa ya upande wake ilikuwa imeungua. Aliuweka msahafu kwenye ukingo wa dirisha akapitiwa na usingizi. Upepo na mvua vilifanya yaliyobaki.

Daftari lile lilikuwa wazi kwa kiongozi yeyote kulitazama tangu Ijumaa asubuhi. Kwa muda wa saa 12 shule nzima ilimhukumu mtu, na hakuna aliyelifungua.

Kwa nini azungumze yeye

Mwalimu wa nidhamu alitaka jambo litangazwe mstarini na mkuu wa shule mwenyewe. Viongozi wa wanafunzi waliomba wapewe wao. Kaka mkuu alikuwa tayari kusema, ila dada mkuu alimkatalia kwa hoja ambayo tuliiona kuwa ya mtu mzima. “Kaka, ukisema wewe,” alimwambia, “Waislamu watasema unamtetea wa kwenu. Waliokosea safari hii ni wa kwangu. Acha niwaambie mimi.”

Aliomba ruhusa nyingine pia. Mstarini pale husemwa Kiingereza siku zote za juma. Yeye aliomba aseme Kiswahili, kwa kuwa kidato cha kwanza na cha pili, ndiko ulikozuka ugomvi, hawajaimudu lugha ile kiasi cha kuguswa nayo. Alipewa dakika saba. Mwalimu wa zamu alimwonya kwamba wanafunzi waliosimama juani, tena wengi wao wakiwa wamefunga, hawasikilizi zaidi ya hapo.

Hapa na tueleze jambo alilolifanya mwanzoni kabisa, kwa maana ndilo lililotufanya tuinue kalamu. Katika nchi yetu mzungumzaji wa hadhara huzoea kuanza kwa salamu za dini zote, moja baada ya nyingine, hata kama yeye mwenyewe ana dini moja. Binti huyu alisema “Asalaam alaykum”, akaitikiwa na baadhi. Kisha akawaamkia walimu wake shikamoo, akawasabahi wanafunzi wote kwa habari za asubuhi. Halafu akasema hivi:

“Wenzangu Wakristo, sikuwasalimu kwa salamu ya ibada yenu. Si kwamba nawadharau. Salamu ile ni tamko la imani, na mimi imani yangu ni nyingine. Nikiitamka ili nipigiwe makofi nitakuwa nawachezea, na nitakuwa naichezea dini yangu. Nawaheshimu kiasi cha kutojifanya mmoja wenu. Nanyi mkinisalimu kwa habari za asubuhi mtakuwa mmenitosha.”

Tuliwaona walimu wawili wakitazamana. Lakini upande wa kidato cha tano, kaka mkuu alitikisa kichwa kukubali, na baadaye alituambia kuwa hakuona tusi lolote katika maneno yale. Alisema yeye pia hujisikia vibaya pale mtu asiyeamini anapotamka jina la Mwokozi wake kama mtu anayegonga mlango tu ili afunguliwe.

Sehemu ya kwanza: kisa cha Mbagala

Baada ya hapo alikwenda moja kwa moja kwenye jambo. “Wengi wetu tulikuwa watoto wa miaka minne au mitano mwezi wa Oktoba 2012,” alisema, “kwa hiyo tumehadithiwa tu. Kule Mbagala, Dar es Salaam, wavulana wawili walibishana. Mmoja alidai kwamba anayeukosea adabu msahafu atageuka mnyama au atapatwa na wazimu. Mwenziwe akataka kujaribu, akaunajisi. Waislamu waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Lakini kabla siku hazijapita umati ulikwenda kituo cha polisi kumtaka mtoto, na makanisa yakavunjwa na kuchomwa. Yote hayo yalianzia kwa watoto wawili waliokuwa wakibishana kama mlivyobishana ninyi Jumanne. Tofauti ni kwamba kule mtoto alitenda. Hapa kwetu hakutenda, na bado watu walifika langoni.”

Akanyamaza kidogo. Kisha akasoma, bila kutaja jina, ule mstari wa daftari la matroni: tarehe, saa ya kupokelewa, maradhi. Mstari mmoja. Tulisikia mnong’ono ukipita kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita, kisha ukimya.

Hatukumwona akilia wala akipaza sauti. Alieleza namna habari ilivyokua, kutoka “umelowa” hadi “umechanwa”, na katika kila hatua alisema ni neno gani liliongezwa, bila kusema ni nani aliyeliongeza. Kwa namna hiyo kila mmoja aliweza kujitambua mwenyewe pale alipokuwa amesimama, wala hapakuwa na mkosaji mpya wa kufukuzwa badala ya yule wa kwanza.

Sehemu ya pili: maneno kwa walio wake

Kisha akageukia Waislamu wenziwe, na hapa sauti yake ilikuwa kali kidogo. Alisema kwamba tishio la kichaa halimo katika Qur’ani, na kwamba anayewatisha wengine kwa hilo anaijengea Qur’ani heshima ya uongo. Heshima hiyo huporomoka siku mtu anapougusa msahafu asipatwe na kitu. Alisema pia kuwa neno “kafiri” limefanywa kuwa neno la kutaniana na la kutukana mabwenini, na akaomba liache kutumiwa hivyo.

Tungependa kuongeza maelezo juu ya nukta ya kwanza, kwa kuwa watoto wengi huipata nyumbani. Wanazuoni wengi, wa madhehebu yote manne, wanashurutisha udhu kwa Mwislamu anayeugusa msahafu. Hiyo ni hukumu ya adabu na ibada, inayomhusu aliyeamini. Haina uhusiano na hadithi za watu kugeuka nyoka au panya. Mzazi anayemwambia mtoto hadithi hizo ili ajizuie kuuchezea msahafu anafikiri amemfunza heshima, na kwa hakika amempa hoja atakayokwenda kumchokozea mwenziwe. Mbagala iliwaka kwa hoja ya namna hiyohiyo.

Binti huyo alitaja aya mbili. Ya kwanza ni ya 6 katika Surat al-Hujurat, inayotuamuru tuichunguze habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wafasiri wengi wanaeleza kuwa aya hii iliteremka pale mjumbe aliyetumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq aliporudi njiani na kudai kwamba wamekataa kutoa na wanataka kumwua. Nusura majeshi yaondoke Madina. Ilipochunguzwa ilibainika kwamba watu wale walikuwa wametoka kwenda kumlaki. Ya pili ni ya 108 katika Surat al-An’am, inayotukataza kuwatukana wanaoombwa na wengine kinyume cha Allah (s.w.), wasije nao wakamtukana Allah kwa jeuri bila ya kujua. Dada mkuu aliwauliza: “Mabishano ya Jumanne yaliishia wapi, kama si hapohapo tulipokatazwa kufika?”

Sehemu ya tatu: maneno kwa wenzake

Ndipo akawageukia wanafunzi Wakristo, na hakuwasifu ili awaridhishe. Alisema kuwa wapo wanaoingia bwenini mchana na sahani ya chakula, wakaketi juu ya kitanda cha aliyefunga, wakala kwa makusudi huku wakimwuliza kama hana hamu. Wapo wanaowaita wasichana wenye hijabu “maninja”. Wapo wanaofungua redio kwa sauti kubwa wakati wenzao wanasali tarawehe katika darasa la jirani. “Mambo haya hayafikii uzito wa kumsingizia mtu,” alisema, “lakini ndiyo yaliyofanya uongo wa Ijumaa uaminike haraka. Mtu aliyetaniwa wiki nzima huwa tayari kuamini lolote baya juu ya anayemtania.”

Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote alizosema asubuhi ile. Uvumi wa kidini haumei katika udongo mkavu. Huhitaji dhihaka ndogondogo zilizokusanyika, ambazo kila moja peke yake mwalimu huiona haistahili adhabu. Mzazi au mlezi wa bweni anayetaka kujua kama shule yake ina hatari asingoje mkasa. Na atazame majina ya utani yanayotumika, na atazame watoto wanaketi na nani bwaloni.

Alimalizia kwa maswali matatu, akawataka wayakariri. Kabla hujaipeleka habari ya dini kwa mtu mwingine jiulize: Nani aliona kwa macho yake? Nimemsikia yeye, au nimemsikia aliyemsikia? Na anayetuhumiwa ameulizwa? “Kama huna jibu la maswali yote matatu,” alisema, “nenda kwa mlezi wa bweni, umwambie yeye peke yake. Usimwambie rafiki yako, usimwambie mama kwenye simu, usiandike katika kundi la simu.” Akashuka. Alitumia dakika sita na nusu.

Tulivyoitazama kwa kioo cha dini yetu

Wapo wasomaji watakaojiuliza kama hotuba za namna hii haziwafundishi watoto wetu kwamba dini zote ni sawa. Sisi tulikwenda tukiwa na wasiwasi huohuo, na tulirudi tukiwa tumetulia. Stahamala aliyoieleza binti yule haikumtaka mtu yeyote apunguze imani yake. Hakusali sala ya wengine, hakutamka salamu ya ibada yao, wala hakuwataka wao watamke yake. Surat al-Kafirun imekwisha kuchora mpaka huo waziwazi: kila mtu ana dini yake. Lililotakiwa mstarini ni jambo jingine kabisa, nalo ni uadilifu, na uadilifu haumwulizi mtu dini yake kwanza.

Liko tukio la zama za Mtume Muhammad (s.a.w.) linalofanana na la bweni lile kuliko jingine lolote tulijualo. Katika riwaya mashuhuri waliyoinukuu wafasiri juu ya aya za 105 hadi 113 za Surat an-Nisaa, mtu mmoja wa Madina aliyejihesabu kuwa Mwislamu aliiba deraya ya jirani yake, akaitia ndani ya gunia la unga. Gunia lilikuwa na tundu, na unga ukadondoka njiani. Alipoona atagunduliwa, aliipeleka deraya kwa Myahudi mmoja, kisha tuhuma zikaelekezwa kwa Myahudi huyo. Jamaa wa mwizi walikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtetea wa kwao, wakijua kuwa yeye ndiye Mwislamu na mwenziwe siye. Zikateremka aya zinazokataza kuwatetea wahaini, na zinazosema kuwa atendaye kosa kisha akamtupia asiye na hatia amejibebesha dhulma na dhambi iliyo dhahiri.

Na tuitafakari hali ilivyokuwa. Waislamu wa Madina wakati huo walikuwa wamezungukwa na maadui, na uhusiano wao na makabila ya Kiyahudi ulikuwa mgumu. Kama kulikuwa na wakati wa kusema “huyu ni wa kwetu, tumfichie”, ni ule. Qur’ani haikukubali. Ilimsafisha asiyekuwa Mwislamu dhidi ya anayejiita Mwislamu, na maneno hayo tunayasoma katika sala zetu mpaka leo. Mtoto wetu anapomsingizia mwenziwe wa dini nyingine, au anapoupitisha usingiziaji huo bila ya kuuchunguza, hapiganii Uislamu. Amesimama upande wa jamaa wa mwizi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini na wa kufuata dini yake. Haki hiyohiyo ndiyo inayowapa mabinti zetu nafasi ya kuvaa hijabu darasani na vijana wetu muda wa sala ya Ijumaa. Hatuwezi kuidai langoni kwa mkuu wa shule kwa ajili yetu, kisha tukainyima ndani ya bweni.

Lililofuata

Shule haikuishia kwenye hotuba. Juma lilelile viongozi wa wanafunzi Waislamu waliokuwa chini ya TAMSYA, pamoja na wale wa UKWATA na TYCS kwa upande wa Wakristo, walikutana mbele ya walezi wao wakakubaliana mambo machache yanayopimika. Kila bweni litakuwa na rafu moja ya juu, mbali na madirisha, ya kuwekea misahafu na Biblia. Chakula cha mchana kitaliwa bwaloni tu, si vitandani, kwa watu wote na kwa miezi yote, ili isiwe sheria ya Ramadhani peke yake. Wanaoamka kwa ajili ya daku saa 10 alfajiri watatumia taa ya ukumbini, wasiwashe za vyumbani kuwaamsha waliolala. Na mabishano ya dini hayataruhusiwa baada ya kengele ya usiku; mwenye swali juu ya dini ya mwenziwe ataliuliza katika kipindi cha dini au kwa mlezi.

Mwenye msahafu, kwa hiari yake, alikwenda chumba cha wagonjwa kumwomba radhi mwenziwe. Tulimwuliza alimwambia nini. Alituambia kuwa hakuwa na maneno mengi. Alimwambia tu, “Sikukutaja mimi, lakini nilisikia wakikutaja nikanyamaza.”

Mvulana yule alisamehe. Hata hivyo tungekuwa tunawadanganya wasomaji wetu kama tungeishia hapo. Alipopona aliomba ahamishiwe bweni jingine, na akakubaliwa. Mama yake, aliyesafiri kutoka Korogwe mara alipopata habari, alituambia kwa sauti ya chini kwamba hamlaumu mtu, ila mwanawe sasa hufunga sanduku lake kwa kufuli mbili, naye hajui anaogopa kuibiwa nini. Hotuba nzuri inaweza kuzuia moto usienee. Haiwezi kumrudishia mtoto saa 12 ambazo shule nzima ilimwamini kuwa mwovu.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi jambo moja, nalo ni jepesi kulitaja na gumu kulitenda. Mtoto anapokuja nyumbani, au anapopiga simu, na kukuambia kwamba mtoto fulani wa dini nyingine ameitukana dini yetu, usianze kwa kukasirika wala kwa kupiga simu msikitini. Mwulize kwanza, kwa utulivu: mwanangu, wewe uliona? Akisema hakuona, mwulize aliambiwa na nani. Akimaliza, mwulize kama yule mtoto mwenyewe ameulizwa. Kisha mpigie mwalimu, umwombe alifungue daftari. Mzazi aliyetupigia simu Ijumaa ile ametuambia kwamba maswali hayo sasa ameyaandika kwa kalamu kwenye mlango wa jokofu lake, na kwamba jambo la kwanza aliloligundua ni mara ngapi yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake.

Wabillahi tawfiq.